Asasi yetu inafuatilia hela za halmashauri, sasa halmashauri hiyohiyo inataka kutupa mkataba. Tusaini?

#1 Kisima cha Kata

Wakuu habarini. Nipo kwenye asasi ndogo huku Kanda ya Ziwa, tumesajiliwa ngazi ya wilaya, tupo wafanyakazi wanne tu na wengine wanajitolea. Kazi iliyotufanya tujulikane ni PETS, yani tunafuatilia hela ya umma kuanzia kwenye bajeti mpaka kijijini. 2022 tulifuatilia mikopo ya asilimia 10, ile halmashauri inayovikopesha vikundi, kwenye kata tatu, tukakuta vikundi kadhaa ambavyo kwenye orodha vipo ila ukienda mtaani hata balozi hawajui. Tulisoma matokeo kwenye mkutano wa mrejesho mbele ya madiwani na wananchi. Baada ya hapo kila tukiomba barua ya kwenda kata nyingine tunaambiwa faili lipo kwa Mkurugenzi, na likakaa huko kweli.

Sasa mikopo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024 na utaratibu mpya, na Mkurugenzi naye amebadilishwa. Juzi ofisi ya Maendeleo ya Jamii imetuita, wanataka tufundishe vikundi 60 kabla ya kukopeshwa: utunzaji wa vitabu, katiba ya kikundi, marejesho. Milioni 18. Rasimu ya mkataba tunayo, na kipengele cha 9 kinasema mtoa huduma hatatoa taarifa yoyote inayohusu halmashauri kwa mtu wa tatu bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi.

Mfadhili wetu alimaliza mradi mwaka jana na hajarudi. Kodi ya ofisi tunadaiwa. Bodi imegawanyika katikati, wengine wanasema ni kazi halali, wengine wanasema tunanunuliwa. Nyie mnaonaje?

#2 Dagaa Mchele

Mkono mtupu haulambwi mkuu. Saini, lipa kodi ya ofisi, uhuru mtautafuta mkiwa mmeshiba.

#3 mama_Neema

Samahani jamani, sisi tupo akina mama watano tunafuga kuku, hiyo mikopo ya asilimia 10 mwaka huu fomu zinatoka lini? Na ni kweli riba hakuna?

#4 Jembe Halilimi

Mleta mada umeshakosea kabla hujaanza. NGO hairuhusiwi kufanya biashara wala kulipwa na serikali, ndio maana inaitwa isiyo ya kiserikali. Mkisaini Msajili anawafuta. Nimeona asasi imefutwa kwa mambo kama hayo.

#5 Bwana Maendeleo wa Zamani

Nimekaa Maendeleo ya Jamii halmashauri tatu mpaka nikastaafu, ngoja niseme kidogo.

Jembe #4, hapo nusu ni kweli nusu sio. Marekebisho ya sheria ya NGO ya 2019 yanaielezea NGO kama kundi la hiari lisilofungamana na chama na lisilogawana faida. Lisilogawana, sio lisilopata. Kulipwa kwa kazi hakuwafutishi. Kinachowafutisha ni hela ikiingia halafu wajumbe wa bodi wakagawana, au mkafanya kitu ambacho hakipo kabisa kwenye katiba yenu. Kwaiyo kitu cha kwanza Kisima fungua katiba yenu uangalie kama "mafunzo kwa vikundi" yamo kwenye malengo. Kama hayamo, anza hapo kabla ya mambo ya uhuru.

La pili, watu wanachanganya karatasi tatu. Kuna hati ya makubaliano, hiyo ni ya kusema tutashirikiana, haina hela ndani, na tangu mwongozo wa uratibu wa 2020 halmashauri nyingi wanaidai hata kama sheria yenyewe haikuisema hivyo. Kuna ruzuku, unapewa hela ufanye kazi yako mwenyewe uliyoibuni kwenye andiko. Halafu kuna mkataba wa huduma, hapo wewe ni mzabuni kama anayeuza saruji. Umeajiriwa kutekeleza kazi ya halmashauri, hadidu za rejea ni zao, ripoti ni mali yao. Hicho ulichopewa wewe ni hiki cha tatu hata kama wanakiita ushirikiano. Afisa akikuambia "sisi ni wadau wenzenu" huku ameshika mkataba wa uzabuni, soma mkataba.

La tatu ndio kubwa. Uliza kifungu cha bajeti. Hiyo milioni 18 inatoka wapi? Asilimia 10 ya mapato ya ndani imewekwa kisheria kwa ajili ya kukopesha, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Kama hela ya kuwalipa nyie imemegwa humohumo, basi mtakuwa mmekula hela ya vikundi, na mwaka unaofuata mkaguzi wa CAG akipita jina lenu litakuwa kwenye hoja. Asasi ya ufuatiliaji kuonekana kwenye hoja ya ukaguzi, hapo hata usipofungwa mdomo na kipengele cha 9 umeshafungwa.

Na mwisho, manunuzi ya umma sasaivi yanapita NeST, ule mfumo wa serikali wa mtandaoni. Kuna mtu amewaambia mjisajili?

#6 Kisima cha Kata

Asante mzee #5. Katiba inasema "kujengea uwezo jamii", nadhani inatosha. NeST hawajatuambia chochote, tumeambiwa tulete akaunti ya benki, TIN na cheti cha usajili basi. Kifungu cha bajeti sijauliza, nitauliza Jumatatu.

mama_Neema #3, riba hakuna, fomu anza kwa afisa maendeleo wa kata yako. Kikundi cha watano kinakubalika.

#7 Kalamu Nyekundu

"Leteni akaunti, TIN na cheti" hahaha. Hapo ukishalipwa nje ya mfumo wewe ndio ushahidi. Wakiguswa wanasema asasi ilileta invoisi.

Pia hakuna aliyejiuliza kwa nini ni milioni 18? Kanuni za 2018 zinasema NGO ikipata zaidi ya milioni 20 ipeleke mkataba kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Mtu amekaa chini akapiga hesabu.

#8 Bwana Maendeleo wa Zamani

Kalamu, sidhani kama kuna mtu amefikiria mbali hivyo. Kwa uzoefu wangu namba za hivyo huwa ndio kilichobaki kwenye kifungu ikifika mwezi wa tatu wa nne, mwaka wa fedha unaisha Juni 30 na hela isipotumika inaleta maswali. Lakini sikatai, inawezekana.

NeST ni kweli. Asasi niliyokuwa naisaidia baada ya kustaafu ilikwama hapo kwa sababu kila hatua inadai vitu vya kampuni, leseni ya biashara na kadhalika, na wao walikuwa na cheti cha NGO tu. Ilichukua muda. Sasa afisa anaona usumbufu anatafuta njia ya mkato. Sio lazima awe mwizi.

#9 Mtunza Leja

Mimi ni mhasibu, nimefanya vitabu vya asasi kadhaa, uhuru nawaachia nyie mimi nizungumzie hela. Kisima malipo yamepangwaje kwenye rasimu?

#10 Kisima cha Kata

Asilimia 20 tukiwasilisha ripoti ya kuanzia, 50 baada ya mafunzo kumalizika, 30 baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa.

#11 Mtunza Leja

Sawa. Asilimia 20 ya milioni 18 ni milioni 3.6. Watakata kodi ya zuio asilimia 5 ya huduma, mnapokea 3,420,000. Vikundi 60, tuseme viongozi watatu kila kikundi, watu 180. Nauli na chakula elfu 15 kwa siku, siku mbili, hapo ni milioni 5.4 tayari na bado hujalipa ukumbi, wawezeshaji, madaftari, mafuta ya kwenda kata za mbali. Mafunzo yote yakiwagharimu hata milioni 11 tu, maana yake mnahitaji milioni saba na nusu kutoka mfukoni kabla ya awamu ya pili. Mnadaiwa kodi ya ofisi. Hizo saba na nusu mnazitoa wapi?

Halafu hiyo awamu ya pili mkiidai mwishoni mwa Juni mfumo wa malipo unafungwa, mnaingia kwenye orodha ya madeni ya wazabuni. Kuna watu waliuza viti kwa halmashauri wanadai mpaka leo. Na wewe ukiwa unadai, utasimama kwenye mkutano wa mrejesho kusema vikundi ni hewa? Hutasimama. Hapo hakuna mtu amekutisha, wala hakuna kipengele cha 9, ni wewe mwenyewe unasubiri hela yako.

Jingine, mapato ya mkataba TRA wanaweza kuyahesabu kama biashara. Watu wanadhani NGO haina kodi. Nafuu ya asasi ya hisani inaombwa kwa Kamishna, haiji yenyewe na cheti cha usajili.

#12 Dagaa Mchele

Mtunza Leja umeniharibia siku, mimi nilishamwambia asaini.

#13 Afisa Mwenzenu

Nimesoma uzi wote nacheka tu. Mimi nipo halmashauri, sio hiyo, lakini naomba tuambiane ukweli. Nyie asasi mnakuja na barua ya Katibu Tawala, tunawapa orodha, mnakaa kata siku mbili halafu mnatusomea ripoti mbele ya madiwani kwamba vikundi ni hewa. Vikundi vingine vimehama, vingine mwenyekiti amefariki, vingine wamegawana hela wakaenda zao machimboni. Hicho sio kikundi hewa, hicho ni kikundi kilichoshindwa. Tofauti hamuiulizi kwa sababu neno hewa ndio linapigiwa makofi.

Na hizo hela zenu za ufuatiliaji mbona hamzibandiki? Kanuni hizohizo za 2018 alizotaja Kalamu zinawataka mtangaze vyanzo na matumizi. Nimewahi kuiomba asasi moja bajeti yao ya mradi uliokuwa unafanyika kwenye wilaya yangu, wakaniambia ni siri ya mfadhili. Siri ya mfadhili! Sasa kipengele cha 9 kina ajabu gani.

Halafu mafunzo yanahitajika kweli. Afisa maendeleo wa kata ni mmoja, pikipiki hana mafuta, vikundi arobaini. Asasi inavijua vikundi kuliko sisi. Mtu akiwapa kazi mnasema mnanunuliwa.

#14 Kisima cha Kata

Afisa #13 nakuheshimu lakini sisi hatukukaa siku mbili, na hatukusema hewa kwa kila kikundi ambacho hakikupatikana. Tulivigawa. Waliohama tuliwaandika waliohama, tukawapigia simu. Tulichokiita hewa ni hivi: kwenye rejista, namba moja ya simu imeandikwa kwa wenyeviti wa vikundi vitatu tofauti, kata mbili tofauti, na mihtasari ya vikao vya vikundi vyote vitatu imeandikwa kwa mwandiko mmoja, hata kosa la kuandika "mweka azina" limejirudia kwenye yote. Tuliipiga ile namba, akapokea jamaa akasema yeye ni wa stationari.

Bajeti yetu tuliibandika kwenye ubao wa ofisi ya kata. Ila nakubali sio wote wanafanya.

#15 Afisa Mwenzenu

Wa stationari anachapisha mihtasari ya vikundi vyote vya tarafa, ndugu yangu, na wasiojua kuandika wanamuachia namba yake. Sisemi ndio ilivyokuwa huko kwenu. Nasema mlimuuliza?

#16 Kisima cha Kata

Tulimuuliza, alikata simu.

#17 Kalamu Nyekundu

Stationari ndio serikali ya mitaa ya kweli nchi hii.

#18 Nesi wa Mission

Habari zenu. Mimi nichangie kwa upande wa afya maana sisi mikataba ya hivi tumeishi nayo. Nilifanya kazi hospitali ya kanisa ambayo ilikuwa hospitali teule ya wilaya. Serikali haikuwa na hospitali pale, kwaiyo halmashauri na kanisa wakawa na mkataba wa huduma, serikali inalipa mishahara ya wengi wetu na inatoa mgao kutoka mfuko wa pamoja, sisi tunahudumia watu wote kwa masharti ya serikali, mama mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano bure. Msingi wake ni yale makubaliano ya serikali na makanisa ya 1992.

Kilichotusumbua hakikuwa kunyamazishwa, hakuna aliyewahi kutuambia nyamaza. Hela ilikuja nusu na kwa kuchelewa, lakini masharti yalikuja yote na kwa wakati. Dawa zikiisha mama anamtukana nesi, hamtukani mhasibu wa halmashauri. Halafu halmashauri ikaja kujenga hospitali yake, na mkataba ukaanza kuwa wa kuombaomba. Waliokuwa wanalipwa na serikali wakahamishiwa kule. Wodi zikabaki.

Kwaiyo mimi nawauliza Kisima na wenzake, siku halmashauri ikisema asante tunafundisha wenyewe, mtabaki na nini? Sisi angalau tulikuwa na majengo.

#19 Jembe Halilimi

Hospitali sio NGO, hapo hatulinganishi. Na nilichosema #4 kuhusu Msajili bado kipo palepale, muulizeni Msajili msaidizi wa wilaya, ambaye ni nani? Ni huyohuyo afisa maendeleo anayewapa mkataba. Anawasajili, anawasimamia, anapokea ripoti zenu za mwaka, na sasa anawalipa. Hata kama sheria inaruhusu, hamwoni hapo?

#20 Bwana Maendeleo wa Zamani

Hapo sasa Jembe umepiga penyewe. Mimi mwenyewe nilikuwa na hiyo kofia. Asubuhi nasaini barua ya kuishauri asasi ilete taarifa ya fedha iliyokaguliwa, mchana nakaa na mwenyekiti wake kupanga semina ya Siku ya Wanawake ambayo asasi inalipia fulana. Sikuona tatizo wakati ule, kila mtu alifanya hivyo. Asasi inayochelewesha ripoti lakini imelipia fulana huwezi kuiandikia barua kali.

#21 Kaunti Boy

Sasa nyinyi wa TZ mna bahati, angalau mnaitwa. Huku Kenya kaunti ikikupatia kazi utangoja malipo mpaka gavana aende. Asasi fulani hapa ilifanya mafunzo ya ushirikishwaji wa umma kwenye bajeti ya kaunti, ikalipwa na kaunti, halafu walipoenda mahakamani kupinga bajeti hiyohiyo wakaulizwa mbona mlisaini kwamba wananchi walishirikishwa. Karatasi ya mahudhurio waliyoikusanya wao ndio ikatumika dhidi yao. Sheria ya PBO ya kusimamia asasi imeanza kutumika Mei 2024 baada ya kukaa tangu 2013 lakini mambo ya malipo ni yaleyale.

Ushauri wangu: angalia nani anabaki na daftari la mahudhurio.

#22 Kisima cha Kata

Kaunti Boy umenigusa. Kwenye hadidu za rejea kuna sehemu inasema mwisho wa mafunzo tutoe orodha ya vikundi "vilivyothibitishwa kuwa hai na vinavyokopesheka". Nilikuwa naona ni kitu cha kawaida.

#23 Kalamu Nyekundu

WEWE. Hiyo ndio milioni 18 yenyewe! Mafunzo ni kisingizio, wanachonunua ni hiyo orodha na muhuri wenu. Kikundi kikija kuonekana hewa wanasema kilithibitishwa na asasi ileile iliyotusema 2022. Kipengele cha 9 mnakipigia kelele bure.

#24 Afisa Mwenzenu

Au wanataka kweli mtu wa nje athibitishe, kwa sababu waliumbuka 2022 na Mkurugenzi mpya hataki yamkute. Mbona hamfikirii hivyo hata mara moja. Mkurugenzi mpya anaogopa CAG kuliko anavyoogopa asasi.

#25 Wakili wa Kijiweni

Niseme kuhusu kipengele cha 9 maana wengi wamekipita. Usiri kwenye mkataba ni kawaida, tatizo ni upana. "Taarifa yoyote inayohusu halmashauri" inameza mpaka kile mnachokijua kabla ya mkataba, mpaka bajeti iliyobandikwa ukutani. Ombeni kiandikwe kwamba usiri unahusu taarifa walizowapa kwa ajili ya kazi hii tu, na hauhusu taarifa ambayo ni ya umma au inayopatikana kwa sheria. Ongezeni sentensi moja kwamba mkataba hauzuii asasi kuendelea na kazi zake nyingine za ufuatiliaji. Wakigoma sentensi hiyo moja, mmeshapata jibu la uzi huu.

Cha pili watu hawakijui. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 haihusu ofisi za serikali peke yake, inagusa na taasisi binafsi iliyosajiliwa inayotumia hela ya umma. Mkipokea hiyo milioni 18, mwananchi au mwandishi anaweza kuwaandikia nyie mumpe taarifa na siku zinahesabiwa, 30. Yani halmashauri inawafunga mdomo kwa mkataba na sheria inawafungua kwa upande wa pili, mkiulizwa mtajibu lipi? Nasema liandikeni humo mapema.

#26 Nyanda wa Pori

Wakuu mnazungumzia uhuru kama ulikuwepo. Asasi zote huku zinaandika kile mfadhili anachotaka. Mwaka wa UKIMWI wote walikuwa UKIMWI, mwaka wa tabianchi wote tabianchi. Mimi nakumbuka miaka ya 2000 hela za mradi wa UKIMWI wa TMAP zilipokuwa zinapitia kamati za halmashauri, kila mtu na shemeji yake walikuwa na asasi, bango barabarani, ofisi sebuleni. Hela ilipoisha mabango yakawa mabanda ya kuku. Halmashauri ni mfadhili kama wengine, tena yupo karibu unaweza kumkuta kwa miguu.

Na hela ya nje haikulindi. 2005 wizara ya elimu iliizuia HakiElimu kufanya na kuchapisha tafiti za shule, na wale hawakuwa wanakula hela ya serikali. Anayetaka kukuziba anakuziba.

#27 Nesi wa Mission

Nyanda lakini HakiElimu hawakufa, walikuwa na pa kusimama. Asasi ya watu wanne inayodaiwa kodi, na mlipaji wake ndiye mwenye barua za kuingia vijijini, ina nini.

#28 Mtunza Leja

Nadhani kuna njia ambayo haijasemwa. Chukueni mafunzo acheni uthibitisho. Mafunzo yana mwanzo na mwisho, unaweza kuyahesabu, mtu kaja, kapewa daftari, kaondoka. Uthibitisho urudi kwa kamati ya mikopo ya halmashauri, ndio kazi yake. Halafu ombeni malipo ya kwanza yawe asilimia 40 na mafunzo yafanyike kwa makundi mawili, vikundi 30 kwanza, mlipwe, ndio 30 wengine. Hapo shimo la milioni saba linashuka sana, kundi la kwanza mnalimudu kwa awamu ya kwanza.

#29 Kalamu Nyekundu

Na vitabu vya mradi huo vikae akaunti tofauti na vya PETS, na anayefundisha asiwe anayefuatilia.

#30 Kisima cha Kata

Tupo wanne, Kalamu.

#31 Bwana Maendeleo wa Zamani

Hapo kwenye wanne ndio penye ugumu. Asasi kubwa inaweza kutenga idara. Nyie mtu aliyefundisha kikundi Jumanne ndiye atakayekwenda kukikagua Novemba, na kikundi kitamkumbuka kama mtu wa halmashauri. Nimeona hivyo. Mwananchi hasomi mkataba, anaangalia mmekuja na gari gani. Mkija na ile Landkruza ya halmashauri yenye namba za SM, siku nyingine mkija kwa miguu kuuliza nani alichukua hela hawawaambii kitu.

Bado naamini ufuatiliaji hauhitaji hela nyingi kama watu wanavyosema. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, ripoti ya CAG inatoka kila mwaka baada ya kusomwa bungeni mwezi wa nne, orodha ya waliokopeshwa inatakiwa kubandikwa. Mtu mmoja na daftari anaweza kuanza. Lakini kodi ya ofisi hailipwi na daftari, hilo nakubali.

#32 Dagaa Mchele

Mwenyekiti wa bodi yenu ni nani kwanza? Maana asasi nyingi za wilayani ukichimba mwenyekiti ni mume wa diwani.

#33 Kisima cha Kata

Mwalimu mstaafu. Lakini mweka hazina aligombea udiwani kura za maoni akakosa. Na ndiye anayetaka tusaini kuliko wote.

#34 Dagaa Mchele

Uzi umeanza upya sasa 😂

#35 Jembe Halilimi

Nilisema mimi.

#36 Kisima cha Kata

Mrejesho kidogo. Nimekwenda Jumatatu kuuliza kifungu cha bajeti. Afisa alifungua kompyuta akanionyesha kwa kidole, ni kifungu cha mafunzo kwenye mapato ya ndani, nje ya ile asilimia 10. Nikaomba anipe kwa maandishi, akasema andika barua. Nimeandika, nakala kwa mweka hazina wa halmashauri. Kipengele cha 9 mwanasheria wao amesema hana shida na maneno ya Wakili #25, ila ile sentensi ya kuendelea na ufuatiliaji amesema "tutaiangalia". Kuhusu orodha ya vikundi vinavyokopesheka wamekataa kabisa kuiondoa kwenye hadidu za rejea, wanasema bila hiyo mafunzo hayana maana kwao.

NeST tumeanza kujisajili, tumekwama palepale kwenye leseni.

#37 Afisa Mwenzenu

Kwenye orodha badilisheni maneno. Andikeni "vilivyohudhuria na kuwasilisha katiba, mihtasari na kitambulisho cha kila mwanachama", na muorodheshe nani kaleta nini. Mnasema mlichokiona. Nani anakopesheka aseme mwenye kukopesha. Mimi kama ningekuwa huko ningekubali.

#38 Kalamu Nyekundu

Ungekubali wewe. Na mihtasari yenyewe ataichapa yule wa stationari.

#39 mama_Neema

Nimekwenda kwa afisa wa kata kama mlivyoniambia, amesema tusubiri mafunzo kwanza, kuna asasi itakuja. Ni nyie?

#40 Kisima cha Kata

Mama Neema upo wilaya gani? Nicheki inboksi.